Nyongeza Isiwe Mtego

Mwenzetu mmoja aliyestaafu jeshini alifungua nyumba ya kukanda mwili, yaani spa, huko Entebe, akatuletea orodha yake ya huduma tuitazame. Kukandwa dakika 60 kulikuwa shilingi 80,000. Chini yake ziliandikwa nyongeza tatu: taulo la moto, kusugua miguu kwa chumvi, na mawe ya moto mgongoni. Tulipomdadisi alikiri kwamba hapo awali taulo lile lilikuwa likitolewa bila malipo.

Hapo ndipo tulipopingana naye. Kukitoa kitu katika huduma ya msingi, kisha kumwuzia mteja kitu kilekile, si nyongeza. Ni kupandisha bei kwa kificho. Huduma ya msingi hapana budi ikamilike yenyewe, hata asiyenunua zaidi aondoke ameridhika.

Basi tulimshauri alirudishe taulo mahali pake, na kila nyongeza aiandikie bei na dakika zake. Kusugua miguu kuwe dakika 15 kwa shilingi 20,000, na dakika hizo ziongezwe juu ya zile 60, wala zisimegwe humo. Anayetaka kukandwa dakika 90 alipe 110,000.

Tupige hesabu. Wateja kumi wa huduma ya msingi huleta 800,000. Watatu wakichagua kusuguliwa miguu na wawili wakichagua dakika 90, zitaongezeka 120,000, na wastani wa kila mteja utapanda kutoka 80,000 hadi 92,000. Hakuna aliyedanganywa.

Lakini dakika nazo zihesabiwe. Kusugua miguu huleta takriban shilingi 1,333 kwa dakika, sawa na huduma ya msingi. Zile dakika 30 za ziada huleta 1,000 tu. Siku ambayo chumba kingekaa kitupu, hiyo ni faida. Siku ambayo wateja wamejaa barazani wakingoja, ni hasara, kwa kuwa zinachukua nafasi ya mteja wa bei kamili. Kwa hiyo dakika 90 zifaa kutolewa asubuhi za katikati ya juma, si Jumamosi jioni.

Tena, mteja aulizwe mapema, angali amevaa nguo zake na orodha imo mkononi. Aliyekwisha kulala kifudifudi akiwa amepakwa mafuta huona haya kukataa, na ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Wakati huohuo aulizwe habari za afya yake. Mgonjwa wa kisukari ambaye ngozi yake imekufa ganzi huenda asihisi anapoungua. Huyo asiuziwe mawe ya moto, hata akiyaomba.

Dalili za kosa huonekana wakati wa kulipa. Mteja akishtuka na kuuliza, "Hii nayo ni ya nini?", ijulikane kwamba ameuziwa asichokikubali. Pengine atalipa siku hiyo, kurudi, hatarudi.