Beni na Butembo: uchunguzi wa Ebola unawaambia nini wareko?

Wareko huulizwa maswali mengi na wachunguzi, lakini majibu yakirudi huwa ni makaratasi ya kifaransa yenye asilimia. Uchunguzi uliofanyika Beni na Butembo Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya Ebola kutangazwa, unaweza kuelezwa kwa maneno ya kila siku.

Watu wazima 961 walichaguliwa kwa bahati na kuulizwa maswali. Reko aliyekuwa kati yao alijibu kama mkaaji wa mtaa, hakuhojiwa kama mtu wa afya.

Jambo la kwanza: karibu mtu mmoja kwa wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Reko akiongea na watu wazima 40, kumi hivi wanaweza kuwa na wazo hilo. Lakini hawajagawanyika sawasawa. Avenii moja inaweza kuwa na ishirini, nyingine isiwe na hata mmoja. Kwa hiyo hesabu hii inaonyesha sura ya miji yote miwili, haimwambii reko nani anakataa katika nyumba fulani.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Watu watatu tu hivi kwa kumi walisema wakubwa wa mahali pao wanatetea faida ya raia. Na wale wenye imani ndogo kwa wakubwa ndio waliokubali chanjo kidogo zaidi, na ndio waliosema kidogo zaidi kwamba wangeenda kutafuta matunzo kwenye hospitali. Hapo mtu anaelewa kwa nini kueleza dalili za ugonjwa peke yake hakukutosha. Eneo la Beni lilikuwa limeona mauaji ya raia tangu 2014. Raia aliyejiuliza kwa nini hakulindwa na silaha, alijiuliza vilevile kwa nini sasa analetewa sindano kwa haraka.

Kuna kosa moja linalofanyika mara kwa mara wakati wa kurudisha majibu kama haya: kusema «kutoamini kumeleta kukataa chanjo». Uchunguzi ulikuta mambo hayo mawili yakitembea pamoja. Watu waliulizwa mara moja tu, kwa hiyo haionekani lipi lilianza.

Mpaka mwingine ni wakati. Ebola ile iliisha tarehe 25 Juni 2020, karibu miaka miwili baadaye, na mawazo ya watu yaliweza kugeuka katikati. Reko wa Goma au Bunia asichukue hesabu za Beni kama za kwake.

Kinachobaki kwa reko ni swali la kuuliza mlangoni kabla ya kueleza ugonjwa: «Mama, nani unamwamini hapa mtaani?» Jibu linaweza kumwonyesha nani wa kuongozana naye siku ya pili.