Mchoma Mkaa Hakuikausha Marsabit

Wakati wa ukame, sikiliza mahubiri, hotuba za barazani na vipindi vya redio, utamsikia mtuhumiwa yuleyule akitajwa: mchoma mkaa. Yeye ndiye aliyekata miti, miti ndiyo iliyokuwa ikivuta mvua, kwa hiyo jua hili kali tumejiletea wenyewe. Imani hii imeenea kutoka Lodwar hadi Dodoma, na wengi wanaoieneza wana nia njema, maana wanaipenda misitu kwa dhati. Hata hivyo ni imani potofu, na hasara yake ni kubwa. Inamtua mzigo wa lawama aliyeipasha dunia joto na kumtwika yule anayeungua.

Tuchukue ukame ambao wengi bado wanaukumbuka. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Hakuna aliyewahi kuona mfululizo wa namna hiyo katika miaka arobaini ya kumbukumbu. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Nchini Somalia, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2022 watu 43,000 walikufa zaidi ya idadi ya kawaida, na huenda nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa familia ya wafugaji wa Marsabit au Wajir, ngamia na mbuzi ndio akiba, ndio mahari na ndio karo ya shule. Walipokufa, kila kitu kilikwenda nao.

Aprili 2023, kundi la kimataifa la wanasayansi, akiwamo Mkenya Joyce Kimutai, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa chanzo cha ukame ule. Kazi yao inaeleweka bila hesabu ngumu. Walitazama takwimu za mvua na joto za miaka mingi, kisha wakatumia mifano ya kompyuta kulinganisha dunia ya leo na dunia ambayo ingekuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 1.2 za Selsiasi, yaani dunia kabla viwanda havijaanza kuipasha. Swali lilikuwa moja: katika dunia ile, ukame kama huu ungetokea mara ngapi?

Majibu yao yalikuwa ya uangalifu, na ndiyo maana nayaamini. Hawakusema kwamba kila tone lililokosekana lilizuiwa na mabadiliko ya tabianchi. Mvua za vuli kwa sehemu kubwa huongozwa na hali ya joto la bahari, na miaka ile mitatu La Nina ilikuwa imeng'ang'ania katika Bahari ya Pasifiki, jambo ambalo mara nyingi hutunyima mvua. Walichogundua ni kwamba upungufu wa masika sasa una uwezekano wa kutokea karibu mara mbili ya zamani, wakati vuli, kwa muda mrefu, inaelekea kuongezeka. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa ardhini. Hewa yenye joto hunyonya unyevu wa udongo, malisho na malambo kwa nguvu zaidi, hivyo hata mvua kidogo iliyonyesha ilitoweka kabla nyasi hazijaota. Ukijumlisha mvua na mvukizo huo, ukame wa kiwango kile ulikuwa na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi kuliko katika dunia isiyopashwa joto. Mvua chache zilezile, zingeanguka katika dunia yenye ubaridi ule, zisingeleta ukame wa maafa.

Swali la haki basi ni hili: joto hilo ni la nani?

Hewa ya ukaa haipotei msimu ukiisha. Karibu nusu ya inayotolewa hufyonzwa na bahari, misitu na udongo. Inayobaki hukaa angani, na sehemu yake hukaa huko kwa maelfu ya miaka. Ni kama maji yanayomwagwa kwenye mtungi wenye ufa mdogo: kinachoamua kina ni yote yaliyomwagwa tangu mwanzo, si kikombe cha leo tu. Ndiyo maana jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa linaweza kusema kwamba kila tani trilioni moja ya hewa ya ukaa huongeza joto la dunia kwa takriban nyuzi 0.45.

Weka hesabu hiyo mezani. Marekani imekwisha kutoa zaidi ya tani bilioni 400 kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, karibu robo ya yote yaliyowahi kutolewa kwa njia hiyo. Hizo peke yake ni karibu nyuzi 0.2 za joto linalokausha malambo ya Wajir. Kenya kwa njia hiyohiyo hutoa takriban tani milioni 20 kwa mwaka, kiasi ambacho Marekani hukimaliza kwa chini ya siku mbili. Kwa mwendo huo Kenya ingehitaji miaka kama elfu hamsini kufikisha tani trilioni moja. Bara zima la Afrika, lenye karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani, limechangia kama asilimia 3 tu ya hewa ya ukaa iliyotokana na makaa, mafuta na gesi. Nayo kaunti ya Marsabit, ambako mifugo ilioza kando ya barabara, ndiko iliko mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, inayopeleka umeme safi kwenye gridi ya taifa huku wengi wa majirani zake wakipikia kuni.

Sasa mkaa. Sitaki kumtetea kwa uongo mtu anayefyeka msitu. Tanzania hutoa hewa ya ukaa nyingi zaidi kwa kupoteza misitu kuliko kwa kuchoma mafuta, na sehemu kubwa ya upotevu huo ni mashamba mapya, mkaa ukichangia. Wanaoishi kando ya Mto Mara wanajua yaliyowapata tangu Msitu wa Mau ulipomegwa: mto hujaa tope wakati wa mvua na hupungua vibaya wakati wa kiangazi. Hayo ni makosa yetu, tuyajibu wenyewe. Lakini yana mipaka. Kaboni iliyo ndani ya mgunga ilivutwa kutoka hewani katika umri wa mti huo, na kisiki kikiachwa kikachipua, kaboni hiyo hurudi mtini. Kisiki kiking'olewa na shamba likalimwa, hairudi, na hapo tuna hatia. Makaa ya mawe ni jambo jingine. Kaboni yake ilizikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, na ikishachomwa hakuna kisiki cha kuchipua. Anayeyaweka haya mawili katika kapu moja anachanganya kisima kilichokauka kijijini na bahari iliyopata joto.

Wapo watakaosema China ndiyo inayoongoza leo kwa kutoa hewa ya ukaa. Ni kweli, na China haina tena haki ya kujificha nyuma ya maskini. Sisi ndio tunaopaswa kuiambia hivyo. Lakini kwa jumla ya historia, bado iko nyuma sana ya Marekani. Ongezeko la wadeni halifuti deni la wa kwanza.

Imani kwamba mchoma mkaa ndiye aliyeleta ukame ina gharama kwa sababu mtu anayejiona mkosaji hadai fidia. Anaomba msaada, anashukuru, anaondoka. Mwaka 1991, nchi ya visiwa ya Vanuatu ilipendekeza mpango wa kuwalipa wanaopata hasara kutokana na bahari kupanda. Ilichukua hadi mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, kukubaliana tu kwamba mfuko wa hasara na uharibifu uwepo. Katikati, mwaka 2015 jijini Paris, nchi tajiri zilihakikisha uamuzi uliopitisha mkataba unaandikwa wazi kwamba kipengele cha hasara na uharibifu hakiwi msingi wa kudai dhima wala fidia. Mfuko ulipoanzishwa Dubai mwaka 2023, ahadi zilizokusanywa zilikuwa takriban dola milioni 700. Linganisha na Msumbiji, ambako vimbunga Idai na Kenneth vilipiga mwaka 2019 ndani ya wiki sita, na mahitaji ya kujijenga upya yakakadiriwa kuwa dola bilioni 3.2. Ahadi za dunia nzima hazifiki robo ya mahitaji ya nchi moja kwa mwaka mmoja. Na Msumbiji, iliyokuwa tayari imezama katika madeni, ilipewa nini na Shirika la Fedha la Kimataifa mwezi uliofuata Idai? Mkopo wa dola milioni 118. Haukuwa na riba, lakini ulikuwa mkopo. Nchi iliyochangia kiasi kidogo kabisa cha joto ilikopeshwa fedha za kukarabati uharibifu uliozidishwa na joto la wengine. Machi 2025, Marekani ilijitoa kabisa kwenye bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu.

Hali ya kisheria, hata hivyo, imebadilika. Julai 23, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, kwa msukumo wa Vanuatu hiyohiyo, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi, na kwamba anayevunja wajibu huo anaweza kulazimika kulipa fidia. Maoni hayo si hukumu na hayamfungi mtu kwa nguvu. Tena mahakama iliweka sharti: anayedai lazima aonyeshe, kwa kila kesi, uhusiano wa moja kwa moja na wa uhakika wa kutosha kati ya kosa na hasara.

Sharti hilo tunaweza kulikabili, tukiacha kujishitaki. Sayansi ya akina Kimutai imeonyesha upande mmoja wa uhusiano huo, yaani jinsi joto lilivyougeuza upungufu wa mvua kuwa maafa. Upande wa pili, yaani hasara yenyewe, umekuwa ukiandikwa kila mwezi bila wengi kuujali. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame ya Kenya hutoa taarifa za kila kaunti kame: hali ya malisho, afya ya mifugo, umbali wa kutembea kufika majini, bei ya mbuzi sokoni na watoto waliokonda. Taarifa hizo zilitungwa ili kutoa tahadhari, na mara nyingi huishia kwenye makabati ya ofisi. Zikikusanywa kwa misimu yote mitano, zikaambatanishwa na idadi ya mifugo iliyokufa na bei yake ya soko kabla ya ukame, zinakuwa ankara. Wajumbe wetu wanaokwenda kwenye mikutano ya tabianchi wanapaswa kuibeba ankara hiyo, ikiwa na jina la kila kaunti na tarakimu zake, na kuisoma mbele ya wanaodaiwa.