Tusiambiwe "acheni vya barabarani", tufundishwe kuangalia karai

Kila tukienda kliniki hapa Kakuma, mtu mwenye presha au sukari huambiwa jambo lile lile: acha chipsi, acha mandazi, acha sambusa. Halafu anatoka nje ya geti na kukutana na nini? Karai la chipsi, meza ya mandazi, na jiko la mishikaki linatoa moshi. Hiyo ndiyo njia yake ya kwenda nyumbani. Na wanaouza hapo ni mama zetu na dada zetu, ndiyo kazi inayolipa karo na kuni. Sisi tunasema ushauri wa "acheni" haufai. Unaofaa ni wa kujua namna ya kununua, kwa sababu kwenye kibanda kimoja mtu anaweza kula kalori 1,000 au nusu yake, na bado akashiba.

Kwanza tuelewane ni nani tunayemwongelea. Mashirika hupanga mgao wa chakula kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na sote tunajua mgao wenyewe umepunguzwa vipi. Mtoto mdogo, mama mjamzito au anayenyonyesha, na mtu aliyekonda hawahitaji kupunguziwa chochote. Kwao mandazi ya moto ni msaada. Tunawaongelea wale wanaoshinda sokoni, kwenye pikipiki au ofisini, wanaokula vibandani kila siku, na mwili umeanza kuongezeka au daktari ameshawaonya. Wako wengi kuliko tunavyodhani, hata kati ya wafanyakazi wa mashirika. Nyinyi pia tunawaona mkipanga foleni kwa chipsi saa saba mchana!

Siri ya kibanda iko kwenye mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120. Viazi vya kuchemsha gramu 100 havifiki hata 90. Lakini chipsi gramu 100 zinafika kama 300, kwa sababu maji ya kiazi yametoka na mafuta yameingia. Sahani ya gramu 200 hubeba kama vijiko viwili vikubwa vya mafuta, nawe huvioni.

Sasa, mafuta yanaingia lini? Wengi wetu tunafikiri ni wakati kiazi kinachemka kwenye karai. Kumbe wakati ule maji ya ndani yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu, ndiyo maana ya zile povu ndogo ndogo, na mvuke huo unayasukuma mafuta nje. Mafuta mengi yanaingia baada ya chipsi kutolewa. Zinapoanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyoshika kwenye ngozi yanavutwa ndani. Kwa hiyo zile sekunde za kwanza nje ya karai ndizo muhimu. Muuzaji akikung'uta kichujio vizuri juu ya karai, mara kadhaa, zikiwa bado moto, mafuta yanarudi kwenye karai. Akizimwaga moja kwa moja kwenye beseni na kuzirundika, mafuta yale yote unayala wewe.

Kwa hiyo simama kidogo uangalie kabla ya kununua. Kiazi kikitumbukizwa, povu lije papo hapo na kwa nguvu. Likija polepole, mafuta hayajapata moto, na kiazi kitakaa humo muda mrefu bila kufunga ngozi. Mafuta yakiwa meusi, mazito, na yana povu linalobaki juu kama la sabuni, yamechoka, na mafuta yaliyochoka hushika zaidi kwenye chakula. Angalia pia kiazi kilivyokatwa. Chipsi nene zina ngozi kidogo kuliko nyembamba kwa uzito ule ule, kwa hiyo zinabeba mafuta kidogo. Na zile zilizopoa tangu asubuhi, zikarudishwa karaini kupashwa, ziache. Ngoja za karai jipya.

Sambusa inaangaliwa pembeni. Pembe zake tatu zikiwa zimefungwa vizuri, mafuta yanabaki nje. Pembe ikiwa wazi, mafuta yameingia ndani kwenye nyama au dengu. Ishike wima kwa dakika moja kwenye karatasi safi, na ukiona karatasi imeanza kupitisha mwanga, umeshapata jibu. Manda nyembamba yenye dengu au nyama nyingi ni afadhali kuliko unga mnene wenye nyama ya kutafuta kwa tochi. Kwa mandazi hesabu ni rahisi zaidi: moja la ukubwa wa kawaida lina kama kalori 200, na ukila matatu na chai ya vijiko vinne vya sukari, umepita 650 kabla ya saa tatu asubuhi. Kula moja, ongeza yai la kuchemsha lenye kama kalori 75, punguza sukari ya chai. Utashiba zaidi kwa sababu ya yai.

Mishikaki ndiyo bora kwenye barabara yetu, ila na masharti. Makaa hayaongezi mafuta, yanayadondosha. Lakini wachomaji wengine wanapanga kipande cha nyama, kipande cha mafuta, nyama, mafuta, ili kijiti kionekane kimejaa, halafu wanapaka mafuta ya kupikia juu. Omba kijiti cha nyama tupu, au vua vile vipande vyeupe. Hakuna aibu.

Tuchukue kijana wa bodaboda anayekula mara moja mchana. Ananunua chipsi gramu 200, kalori kama 600. Sambusa mbili, kama 340. Soda ya mililita 300, kama 125. Jumla ni 1,065, nusu ya ile 2,100, na saa kumi ana njaa tena. Sasa abadilishe: chipsi nusu, 300. Mishikaki miwili ya nyama tupu, jumla gramu 100 ikishaiva, kama 220. Kachumbari, 20. Maji. Jumla 540. Nyama ni ghali, tunajua, lakini hela ya soda, ya sambusa mbili na ya nusu sahani ndiyo inayoilipa, au sehemu yake kubwa. Siku haitoshi, mayai mawili ya kuchemsha yanakaa mahali pa mishikaki.

Mwenye sukari anayetumia dawa asiruke mlo ili kupunguza kalori, sukari inaweza kushuka ghafla. Yeye abadilishe kilicho kwenye sahani, na aongee na daktari wake.

Na kwa muuzaji tuongee kwa heshima. "Mama, shikamoo. Naomba unikung'utie vizuri, na uniwekee kachumbari nyingi." Hilo halimpunguzii mapato. Mafuta yanayorudi karaini ni yake, na mafuta yana bei.

Ombi letu kwa wanaotufundisha lishe ni hili: somo lijalo msilete picha za matunda ambayo sokoni hatuyapati. Mwiteni mama chipsi mmoja, mumlipe kwa muda wake, aje na karai. Apike mara mbili, mara moja akikung'uta na mara moja bila, kisha kila rundo liwekwe kwenye karatasi yake. Watu wataangalia zile karatasi mbili, na hamtahitaji kusema "acheni".