Anayetaja Mshahara Kwanza Hajaliwa

"Shikamoo mjomba. Tangazo linataka nitaje mshahara ninaoutarajia humo humo kwenye barua ya maombi. Niandike 'maelewano'?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu, mhasibu mwenye miaka mitatu kazini hapa Dar es Salaam. Jibu alikuwa ameshapewa na marafiki zake: usithubutu, anayetaja kwanza ameliwa. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuhoji, na wengi wanaoutoa hawajawahi kukaa upande wa pili wa meza.

Wanasema ni kama Kariakoo. Haya, twende Kariakoo. Pale nani hutaja bei kwanza? Muuzaji. Anasema elfu arobaini, wewe unashusha hadi ishirini na tano, mnakutana thelathini, na jioni anafunga duka na faida yake mfukoni. Haliwi, kwa sababu anajua mzigo aliununua kwa ngapi. Mwombaji kazi naye ni muuzaji. Kinachomponza ni kutaja bei asiyoipigia hesabu.

Nimewahi kuchambua barua za maombi kwa taasisi moja. Tulikuwa na jedwali kwenye kompyuta: jina, elimu, uzoefu, mshahara anaotarajia. Barua ya "maelewano" iliacha kisanduku kitupu, na mwenzangu aliyekuwa akijaza hakuhangaika kutafuta mwombaji ana mbinu gani. Aliandika "hajajibu", akafungua inayofuata. Bajeti ya nafasi ile tulikuwa nayo mezani, na kwa kweli ingekuwa haki zaidi tungeiweka kwenye tangazo. Hatukuiweka. Basi aliyetaja kiasi kilichoingia kwenye bajeti alisogea mbele, na aliyenyamaza alibaki pale pale.

Nilimwuliza mpwa wangu anataka kiasi gani. "Milioni moja, mjomba." Ya mkononi au kabla ya makato? Kimya. Hapo ndipo watu wanapoliwa kwelikweli.

Tuchukue ameandika Sh 1,000,000 na mwajiri akakubali. Mwajiri atakisoma kiasi hicho kuwa ni mshahara kabla ya makato. NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida, inachukua asilimia 10 yake, yaani 100,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 900,000 iliyobaki, na kwa viwango vya Tanzania Bara inafika 103,000. Bodi ya Mikopo, kwa kuwa alisoma kwa mkopo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 150,000. Mkononi zinamfikia 647,000. Msichana alishtuka, na yeye ndiye mhasibu!

Hesabu ya kweli inaanzia mwisho kurudi mwanzo. Ili ashike milioni moja kamili, mshahara wa msingi unatakiwa uwe Sh 1,725,000. Makato yake ni 172,500 ya NSSF, 293,750 ya kodi na 258,750 ya mkopo, jumla 725,000. Asiyedaiwa na Bodi atahitaji kiasi pungufu ya hicho. Baada ya hapo ndipo unaulizia soko: mtu au wawili wanaofanya kazi kama hiyo katika mashirika yanayolingana na hilo. Mpwa wangu aliuliza, akaona kiasi chake hakishangazi mtu, tukakipandisha hadi 1,750,000.

Kwenye barua kikakaa karibu na mwisho, baada ya uzoefu wake, kwa sentensi moja: "Kwa majukumu yaliyotajwa na kituo cha kazi kuwa Dodoma, natarajia mshahara wa msingi wa Sh 1,750,000 kwa mwezi kabla ya makato, na niko tayari kuuzungumzia pamoja na posho ya nyumba na bima ya afya." Hiyo inatosha. Usieleze kodi ya nyumba wala ada za wadogo zako. Mwajiri hanunui shida zako. Alitaka pia kuandika "kati ya 1,400,000 na 1,800,000", nikamkatalia. Ukiandika hivyo, mwajiri ataona 1,400,000 tu.

Kuna mahali ushauri wangu hauna kazi. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira huja na ngazi ya mshahara, kama vile TGS na herufi yake, kwa hiyo hakuna cha kutaja. Na tangazo likiuliza mshahara unaotarajia, halijauliza unaolipwa sasa. Huo wa sasa uache nyumbani, maana ukiutaja utapimwa kwa huo.

Ndiyo, inawezekana kiasi chako kikazidi bajeti yao na usiitwe. Lakini kazi ya kulipwa 647,000 mkononi, huku umepanga maisha ya milioni, ungeiacha baada ya miezi sita. Kwa hiyo kabla hujaandika "maelewano" kwenye barua ijayo, chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita, soma safu ya makato, kisha andika kiasi chako.