Wacheni Kukariri Majibu ya Intavyu ya SOC. Jopo Linawaona

Wasee, leo nitawakanyaga vidole. Kila wiki naona mtu ametupa ile orodha ya "maswali 100 ya intavyu ya mchambuzi wa usalama", na kila wiki mnaisevu, mnaikariri, mnaenda, mnaanguka. Halafu mnasema kazi ni za wenye kujuana. Zingine ni za kujuana, sikatai. Lakini kuna zile mnaanguka kihalali kabisa.

Nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa, nikisaidia kuuliza maswali ya watu wa ngazi ya kwanza, wale wanaokaa kwa zamu wakitazama alati. Nasema wazi: yale maswali mnayaita "ya kiufundi" na yale mnayaita "ya tabia" ni swali moja. Tunataka kujua utafanya nini na kitu usichokijua bado, na utasema ukweli kiasi gani ukikosea. Orodha yako ya 100 haijibu hilo.

Wacha nioneshe kwa swali moja tu. Tunakuwekea logi hizi mezani, za kutoka seva ya mafaili ya kampuni:

```
05:02:11Z 4625 user=mhasibu2 src=10.20.4.37 LogonType=3 SubStatus=0xC000006A
   (mara 41, karibu kila sekunde 10)
05:09:48Z 4624 user=mhasibu2 src=10.20.4.37 LogonType=3
```

Tunauliza: "Hii ni nini, na unafanya nini?"

Mtu wa kukariri haraka haraka anajibu: "Hii ni shambulio la kubahatisha paswadi. 4625 ni kuingia kulikoshindwa, 4624 ni kuingia kulikofaulu. Mshambulizi amejaribu mara 41 akafaulu, tena saa kumi na moja alfajiri wakati hakuna mtu ofisini. Ninatenga mashine kwenye mtandao, ninafunga akaunti, ninapeleka juu." Anakaa nyuma kwenye kiti, anatabasamu. Kila neno lilitoka kwenye orodha, na namba zote mbili amezitaja sawa. Na amemfungia nje mhasibu asubuhi ya mwisho wa mwezi, siku ya kulipa mishahara.

Angalia ile herufi Z mwishoni mwa saa. Inamaanisha UTC. Nairobi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hivyo 05:02 ni saa mbili na dakika mbili asubuhi. Watu ndio wanawasha kompyuta. Hiyo "alfajiri" yote uliyoijengea hadithi haikuwepo. Na si kosa dogo, maana mifumo mingi ya kukusanya logi huhifadhi muda kwa UTC, na mchambuzi asiyeuliza "hizi ni saa za wapi?" atasoma vibaya kila zamu.

Sasa sikia mtu aliyepata kazi alivyojibu. Hakuwa na cheti kikubwa. Kitu cha kwanza, aliuliza maswali matatu. Saa hizi ni za UTC? 10.20.4.37 ni kompyuta ya nani? Na kampuni ina sheria ya kufunga akaunti baada ya makosa mangapi? Tukamwambia: ndiyo ni UTC, ni kompyuta ya huyo huyo mhasibu, na akaunti hujifunga baada ya makosa 5.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Basi kuna kitu hakiingiani. Makosa 41 na akaunti haijajifunga?"

Hapo mimi nikaweka kalamu chini, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Windows ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: mtumiaji akibadilisha paswadi, halafu kifaa fulani kiendelee kutuma ile ya zamani, seva kuu ya akaunti haiongezi hesabu ya makosa ikiwa paswadi hiyo ni mojawapo ya mbili za mwisho kwenye historia yake. Inakataa, inaandika 4625, lakini haihesabu kuelekea kufunga. Kwa hivyo makosa 41 bila kufungwa, kutoka kompyuta ya mwenyewe, kwa mpigo wa sekunde kumi kumi kama saa ya ukutani, yanafanana sana na paswadi ya zamani iliyohifadhiwa kwenye mashine. Kompyuta inajaribu kuunganisha folda ya pamoja yenyewe, inakataliwa, inajaribu tena, mpaka mwenyewe akaketi saa mbili na dakika tisa na kuandika paswadi mpya.

Yeye hakuijua hiyo tabia ya Windows. Alisema wazi: "Sijui kwa nini haikujifunga, lakini ningetafuta." Tukamuuliza angetafuta wapi. Akasema angeangalia kama kuna rekodi ya kubadilisha paswadi ya akaunti hiyo siku moja mbili nyuma, yaani 4723 mtu akibadilisha mwenyewe au 4724 akibadilishiwa. Angehakikisha zile 0xC000006A ni 41 zote, kwa sababu kodi hiyo inasema jina ni sahihi na paswadi ndiyo mbaya. Halafu angempigia mhasibu simu kwa namba iliyo kwenye orodha ya kampuni, si kwa barua pepe, maana kama akaunti imeibwa basi anayejibu barua pepe anaweza kuwa mwizi mwenyewe.

Umeona? Lilikuwa swali la kiufundi, na jibu lilikuwa tabia mwanzo mpaka mwisho: kuuliza kabla ya kurukia, kukubali hujui, na kusema utajua vipi.

Na usidhani tunapenda tu majibu ya "ni kitu cha kawaida". Baada ya hapo tunageuza meza. Tunasema: sawa, sasa chanzo kiko nje ya kampuni, zile 4625 zimegusa majina 60 tofauti, nyingi zina 0xC0000064, na kuna 4624 moja saa 23:14Z. Mtu wa kukariri anarudia jibu lile lile, kwa sababu kwake 4625 nyingi ni 4625 nyingi. Mtu anayefikiri anaona picha imebadilika. 0xC0000064 inasema hata jina la mtumiaji halipo, kwa hivyo anayejaribu hawajui watu wa kampuni, anabahatisha majina. Makosa machache kwa kila jina ni njia ya kupita chini ya ile sheria ya 5. Na 23:14Z ni saa nane na dakika kumi na nne usiku, Nairobi imelala.

Hapa sasa unaruhusiwa kuharakisha, lakini kwa mpangilio. Unaangalia aliyeingia alifanya nini baadaye: kuna 4720, akaunti mpya imeundwa? Kuna 4732, mtu ameongezwa kwenye kundi la wasimamizi? Kuna 1102, logi zimefutwa? Unaomba mashine itengwe kwenye mtandao, huizimi, maana ukiizima umepoteza kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake ya muda. Na unasema "ninaomba" kwa sababu mtu wa ngazi ya kwanza sehemu nyingi hana ruhusa ya kutenga seva ya kampuni bila kuuliza. Ukisema "ninazima seva" kwa kifua, umetuambia hujawahi kuwaza nani anaitumia.

Halafu unaandika saa uliyogundua. Hiyo tunaisubiri sana na wachache wanaitaja. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaipa kampuni saa 72 tangu ijue, kumjulisha Kamishna wa Data, ikiwa data za watu zimefikiwa na kuna hatari ya kweli kwao. Si wewe utakayeandika hiyo barua. Lakini saa inaweza kuanza kuhesabiwa kwenye tikiti yako, na kama uliandika "usiku" bila saa wala bila kusema ni ya wapi, umewaachia mawakili shida.

Sasa twende kwa lile swali la tabia mnalolichukia: "Tuambie siku ulikosea." Mnajibu nini? "Udhaifu wangu ni kwamba najali kazi kupita kiasi." Bana, acheni. Mmefundishwa ule mpango wa hali, jukumu, hatua na matokeo, na si mbaya, lakini mnaujaza hadithi ambazo hakuna aliyeumia na hakuna aliyekosea. Jopo linajua. Katika kazi hii kila mtu amewahi kufunga alati ambayo hakupaswa kuifunga. Anayesema hajawahi, ama hajaanza kazi, ama anaficha. Na anayeficha kwenye intavyu ataficha saa tisa usiku akiwa peke yake kwenye zamu.

Mimi langu ni hili. Nikiwa atachimenti, nilifunga alati ya mtu kuingia "saa tatu na nusu usiku", nikaandika mfanyakazi amechelewa ofisini. Msimamizi akaifungua tena asubuhi: ilikuwa UTC, kwa hivyo ilikuwa saa sita na nusu usiku, na huyo mfanyakazi alikuwa likizo. Aliyeingia alikuwa mwenzake aliyepewa paswadi ili amalizie kazi. Hakukuwa na mwizi, lakini mimi sikujua hivyo nilipoifunga. Tangu siku hiyo kila tikiti yangu ina saa mbili, ya UTC na ya Nairobi. Nilisimulia hivyo kwenye intavyu, dakika mbili, na swali lililofuata lilikuwa lini naweza kuanza. Kama hujawahi kuajiriwa, tumia kosa la maabara yako ya nyumbani au la ile saiba uliyosaidia. Kosa liwe la kweli, na useme ulibadilisha nini.

Najua mtakachosema: "Lakini kuna majopo yanauliza maana ya fayawoli na namba ya poti ya RDP!" Yapo. Jibu, 3389, songa mbele. Dakika tano za kusoma zinatosha kwa hayo. Na nyinyi mnaoketi kwenye hayo majopo, hii inawahusu pia: ukiuliza swali ambalo jibu lake liko kwenye orodha, utaajiri orodha. Halafu siku ya zile 41 utashangaa kwa nini mhasibu amefungiwa nje na mishahara imekwama.

Kabla ya intavyu yako ijayo, chukua logi moja, ifuate mpaka mwisho kwa sauti, na ujizoeze kutamka haya maneno mbele ya watu: "Sijui bado, lakini ningeangalia hapa." Nimemaliza.