Pesa ina risiti, maelewano je?

Ijumaa moja tuliingia Biashara Street kutafuta leso za arusi ya mwenzetu wa ofisini. Tulitaka jozi 40, zote za jina moja. Muuzaji alianza na shilingi 700 kwa jozi, tukavutana mpaka 650, tukatuma 10,000 za kutangulia kwenye Till ya duka. Ndio kwanza tunauliza habari ya kukata na kupinda, adhana ikalia. Duka likafungwa kwa sala ya Ijumaa. "Njooni Jumatatu, hakuna shida," akatuambia.

Jumatatu tulimkuta kijana mwingine. Akaangalia simu ya duka, akaona pesa zimeingia. "Pesa naziona, dada. Lakini ni za nini?" Kwake jozi ilikuwa 700, na kupinda ni pesa mbali. Sisi tulijua kupinda kumo ndani ya bei. Yule wa Ijumaa alipopigiwa simu alikumbuka 650, ila kupinda akasema hakukubali. Na kweli hakukubali. Tuliuliza tu, adhana ikamkatiza kabla hajajibu, na sisi tukaondoka na jibu tulilolitaka wenyewe.

Ndiyo maana tunasema: ujumbe wa malipo pekee hautoshi. Unaonyesha nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa. Hauonyeshi mlinunua nini, kwa bei gani, wala mliishia wapi. Hayo yanabaki kichwani, na vichwa viwili havikumbuki sawa.

Dawa yake ni ujumbe mfupi wa WhatsApp au SMS kwa namba ya duka, kabla hujaondoka pale mtaani. Wetu ungekuwa hivi tu:

"Asalaam aleikum. Ni sisi wa leso za arusi, tuliokuja leo Ijumaa. Tulivyoelewa: jozi 40, jina na rangi ni kama kwenye picha hii, 650 kwa jozi, jumla 26,000. Tumelipa 10,000 kwa Till ya duka, zimebaki 16,000. Bado hatujakubaliana: pesa za kupinda ni juu ya nani. Tutarudi Jumatatu asubuhi. Tukikosea mahali, tuambie."

Angalia mambo matatu hapo. Kwanza, tumesema "tulivyoelewa", si "ulisema". Ukimwambia mtu "ulisema", atajitetea. Ukimwambia ulivyoelewa, atakurekebisha, na marekebisho ndiyo unayoyataka mapema, kabla ya kumaliza kulipa.

Pili, kuna picha. Leso ina pindo, mji na jina, yaani yale maandishi. "Ile nyekundu yenye maua" haimsaidii kijana wa Jumatatu, maana rafu nzima ina nyekundu zenye maua. Piga picha mpaka jina lisomeke.

Tatu, na hili ndilo watu wengi husahau, kuna mstari wa "bado". Tunaandika tulichokubaliana kwa sababu kinatufurahisha, tunaacha kilichobaki hewani. Lakini mkikutana tena, mtaanzia hapo kilipokatikia. Sisi mstari huo ungetuonyesha Ijumaa ile ile kwamba kupinda hakujajibiwa.

Ukishatuma, ngojea jibu. Tiki mbili za buluu si makubaliano. Hata "sawa" moja inatosha. Na tuma kwa namba ya duka, si ya mfanyakazi peke yake, maana siku utakayorudi huenda hayupo.

Wako watakaosema muuzaji atahisi haaminiwi. Hatukubali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na duka linalokopesha huandika hata kwa jirani. Kijana wa Jumatatu angetushukuru, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki katikati ya bosi na mteja.

Tusidanganyane, ujumbe huu haufungi bei milele. Ukirudi baada ya miezi mitatu, bei ikiwa imepanda, mtaongea upya. Lakini unasaidia pia kwa usalama. Namba usiyoijua ikikuandikia "kama tulivyokubaliana, tuma salio hapa", fungua ujumbe wako uangalie ulisema utalipa wapi. Kama haviendani, usitume. Pigia duka kwa namba uliyo nayo. Na PIN yako haiandikwi kwenye ujumbe wowote, hata huu.

Sisi? Tulipewa 650 yetu, kupinda tukalipa wenyewe. Salio la 16,000 tulilituma kwa Till ile ile, na safari hii tukaandika kabla ya kutoka dukani: jozi 40 zimelipwa zote, fundi tumlipe sisi, kuchukua ni Alhamisi. Kijana akajibu palepale, "Sawa dada, Alhamisi." Alhamisi tulimkuta mtu wa tatu. Akasoma simu ya duka, akatushushia mzigo wetu.