Dakika Tano Si za Kutusomea Slaidi

Kuna kitu kinaendelea kwa madarasa ya chuo na lazima tukiseme. Mtu anapewa utafiti mmoja asome, aje auwasilishe kwa dakika tano. Anakuja na slaidi kumi na nne. Ya kwanza jina, ya pili "Utangulizi", ya tatu "Malengo", ya nne "Waliotangulia Kuandika". Dakika ya nne inafika akiwa bado kwa "Mbinu za Utafiti", mhadhiri anaangalia saa, halafu matokeo yanasomwa mbiombio kama matangazo ya vifo redioni. Tunapiga makofi. Hakuna aliyeelewa kitu, hata yeye.

Na kosa si uwoga wala kukosa mazoezi. Kosa ni kuamini kwamba kufupisha ni kupunguza kila sehemu kidogo kidogo, eti kila sura ipate haki yake. Hapana. Dakika tano hazitoshi utafiti mzima. Zinatosha dai moja, namna walivyojua kwamba dai ni la kweli, na pale dai linapoishia. Mengine yote yanabaki kwa karatasi, yeyote akiyataka atayasoma.

Wacha nitumie mfano wa kwetu. Mwaka wa 2016 Tavneet Suri na William Jack walichapisha kwa jarida la Science utafiti kuhusu M-Pesa na umaskini Kenya. Kurasa tano tu. Ukiusoma mbio utaona namba moja inang'aa: familia 194,000, yaani kama asilimia 2 ya familia zote nchini, zilitoka kwa umaskini kwa sababu ya M-Pesa. Tena wanawake kama 185,000 wakahamia biashara kama kazi yao kuu, wengi wakitoka kilimo. Hapo ndipo kila mtu anafunga karatasi na kukimbilia Pawapointi. Namba tamu, si ndio? Anaiandika kubwa katikati ya slaidi, anaweka picha ya mama mboga akishika simu, kazi imeisha.

Haijaisha, haijaanza hata. Swali ambalo mtu yeyote mwenye akili zake atauliza ni hili: walijuaje? Ukilinganisha wanaotumia M-Pesa na wasiotumia, utapata wanaotumia wako na pesa zaidi. Lakini huenda walikuwa nazo tangu mwanzo, ndio maana wakanunua simu na wakawa na cha kutuma. Huo ulinganisho haukuambii kitu kuhusu M-Pesa.

Suri na Jack hawakufanya hivyo, na hapa ndipo utamu wa karatasi uko. Walifuata familia zilezile kwa miaka, kuanzia 2008 hadi 2014. Badala ya kuuliza nani anatumia, wakaangalia mawakala. Kati ya 2008 na 2010, mawakala waliongezeka wangapi ndani ya kilomita moja kutoka kwa hiyo nyumba? Sehemu zingine waliongezeka sana, zingine kidogo tu. Halafu 2014 wakarudi kuona maisha yamebadilika vipi kwa zile nyumba zilizopata mawakala wengi karibu, ukilinganisha na zile ambazo hazikupata. Mwenye nyumba hakuchagua wakala afungue duka karibu naye, kwa hivyo hapo utajiri wake wa zamani hauharibu hesabu sana kama ingekuwa ni kulinganisha watumiaji.

Hiyo aya moja ndiyo wasilisho lako. Ipe dakika mbili nzima. Mimi nimejipima kwa simu: nikiongea Kiswahili cha kueleweka ninatoa kama maneno 100 kwa dakika, kwa hivyo dakika tano ni maneno 500, si zaidi. Ninagawanya hivi: sekunde 40 za kufungua, dakika 2 za walijuaje, dakika 1 ya matokeo, sekunde 40 za mipaka. Jumla ni dakika 4 na sekunde 20. Hizo 40 zinazobaki ni za projekta kukataa kuwaka, na itakataa.

Sasa kadi. Watu wanaandika sentensi nzima kwa kadi halafu wanashangaa mbona wanasoma. Macho yakiona sentensi yatasoma, huwezi kuyazuia. Andika tu kinachokukumbusha, pamoja na kitu cha kufanya na mwili. Kadi yangu ya sehemu ya pili ina mistari minne:

"Watumiaji tayari matajiri? – SUBIRI, waangalie."
"Nyumba mbili – onyesha kwa mikono."
"Kilomita 1. 2008 mpaka 2010. Rudi 2014."
"Hakuchagua wakala – POLEPOLE."

Hiyo "subiri" si pambo. Ukiuliza swali halafu ukalijibu hapohapo, hakuna aliyepata nafasi ya kuona kwamba kuna shida. Hesabu tatu kimoyomoyo. Na "polepole" iko pale kwa sababu ni sentensi ambayo ikimpita mtu, yote yanayofuata yanakuwa porojo kwake. Kwa dakika ya matokeo, kadi inabeba namba mbili peke yake, 194,000 na 185,000. Ya tatu ikiingia watu watasahau zote.

Halafu maswali, ambayo wengi wanayangoja kama mvua, eti yatakuja yenyewe. Maswali yanatabirika, buda. Rudi kwa kila sentensi ya kadi yako ujiulize, mtu mbishi angeishika wapi?

La kwanza: "Kwani walihesabu hizo familia 194,000?" Hapana. Ni makadirio: walipima athari kwa familia za sampuli, wakaipanua kwa nchi nzima. Sema hivyo bila haya, na ulisema mapema kwa zile sekunde 40 za mipaka kabla hujaulizwa.

La pili ni gumu zaidi: "Si mawakala wenyewe hufungua mahali biashara inakua?" Swali zuri, na ndilo mshono dhaifu wa kazi yote. Usijifanye halipo. Jibu ni kwamba watafiti waliliona na wakajaribu kuonyesha kuenea kwa mawakala hakukufuata utajiri uliokuwepo, lakini huu haukuwa ugawaji wa bahati nasibu, kwa hivyo shaka fulani inabaki. Anayejibu "utafiti umethibitisha" hapo amejimaliza.

La tatu litatoka kwa yule msee wa nyuma: "Na madeni ya simu je?" Mwaka wa 2019 Milford Bateman na wenzake waliandika kuwapinga Suri na Jack kuhusu hilo, wakisema hesabu iliacha nje madeni na biashara ndogo zinazokufa. Kwa hivyo jibu liwe na tarehe. Data inaishia 2014. M-Shwari ilikuwa imeanza 2012, lakini Fuliza ilikuja 2019, kwa hivyo utafiti huu hauwezi kukuambia chochote kuhusu Fuliza, uwe unaipenda au inakukata kila mwisho wa mwezi.

Hayo majibu matatu yaandike nyuma ya kadi ya mwisho, kila moja mstari mmoja, tarehe zikiwa kubwa.